Nailoni au chuma? Kuchagua na kubadilisha nyuzi za gitaa kwenye hewa ya bahari

Anayeuliza kama afunge nyuzi za nailoni au za chuma aanze kwa kulitazama gitaa lake, kwa sababu gitaa lenyewe limeshajibu nusu ya swali. Tazama daraja, yaani kile kibao kilichogundishwa usoni ambako nyuzi zinafungwa. Kama kila uzi unapita kwenye kitundu cha ubavuni na kujifunga kwa kifundo juu ya kibao, hilo ni gitaa la nailoni. Kama mwisho wa uzi unazama ndani ya tumbo la gitaa na kubanwa na pini, hilo ni la chuma. Ukiwa bado na shaka, panda hadi kichwani. Gitaa la nailoni kwa kawaida lina kichwa kilichotobolewa mifereji miwili, na funguo za kukazia nyuzi zinatazama nyuma. La chuma mara nyingi lina kichwa kizima, na nyuzi zinazungushwa kwenye vijiti vya chuma vilivyosimama. Shingo nayo husema: ile ya nailoni ni pana, milimita 52 hivi pale juu, na ya chuma ni kama milimita 43.

Gitaa la umeme, kama yale yanayopigwa kwenye bendi za taarabu ya kisasa, halina mjadala. Vinasa sauti vyake vinafanya kazi kwa sumaku, na sumaku haiihisi nailoni. Hilo ni la chuma tu.

Kilo 39 na kilo 73

Ninasisitiza uangalie daraja kwa sababu ya mvuto. Uzi wa kwanza, yaani ule mwembamba kuliko wote, wa chuma kwenye seti ya kawaida una unene wa milimita 0.30. Uzi wa kwanza wa nailoni una milimita 0.71. Huo wa chuma haufikii hata nusu ya unene wa mwenzake, lakini chuma ni kizito kama mara saba ya nailoni, kwa hiyo kila sentimita yake bado ina uzito zaidi. Na uzi mzito, ili utoe noti ile ile kwa urefu ule ule, lazima ukazwe zaidi. Ukijumlisha nyuzi zote sita, seti ya kawaida ya nailoni hulivuta daraja kwa takribani kilo 39. Seti ya chuma iliyoandikwa 12 hadi 53 (namba hizo ni unene wa uzi wa kwanza na wa sita kwa elfu za inchi) hulivuta kwa takribani kilo 73. Ni karibu mara mbili, na mvuto huo haupumziki hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani.

Gitaa la chuma limejengwa kuubeba. Chini ya uso wake kuna mbao za kuimarisha zilizopishana kwa umbo la herufi X, na ndani ya shingo kuna nondo nyembamba inayoizuia isipinde. Gitaa la nailoni lina vibao vyembamba vya ndani, vyepesi makusudi ili uso utikisike kwa mvuto mdogo, na shingo yake kwa kawaida haina nondo.

Kijana mmoja wa Jang'ombe aliniletea gitaa la nailoni lililofungwa nyuzi za chuma. "Ami fundi, halishiki tyuni," aliniambia. "Na nyuzi zimepanda juu, vidole vinaniuma." Alilinunua kwa mtu likiwa tayari na nyuzi hizo, akaambiwa chuma kinatoa sauti kubwa zaidi. Nililaza gitaa mezani na kuinama hadi macho yakawa sawa na uso wake. Nyuma ya daraja ubao ulikuwa umefura, mbele yake umedidimia. Nilichukua karatasi ya daftari na kuisukuma chini ya ukingo wa nyuma wa daraja, ikaingia. Hapo ni mahali pa gundi, hapapaswi kupita hata karatasi. Kisha nikapima kwenye freti ya 12, freti zikiwa vile vipande vya chuma vilivyopachikwa kukingama shingo: uzi wa sita ulikuwa milimita 7 juu ya freti, wakati gitaa la nailoni lililo sawa huwa na milimita 4 hivi.

Nyuzi tulizilegeza palepale, zote, taratibu. Gitaa likakaa siku kadhaa bila mvuto na uso ukashuka kiasi. Daraja lilikuwa limeshaachia karibu theluthi ya gundi yake, kwa hiyo nililing'oa lote kwa kisu chembamba kilichopashwa moto, nikakwangua gundi ya zamani hadi mbao ikaonekana pande zote mbili, nikaligundisha upya na kulibana kwa jiliwa usiku kucha na siku iliyofuata. Halafu zikafungwa nailoni za mvuto wa kawaida. Uvimbe ulipungua ila haukwisha, na baada ya kupunguza kidogo mfupa wa darajani, ule ukingo mwembamba unaobeba nyuzi, urefu ulifika milimita 4 na nusu. Linapigika na linashika tyuni. Lingekaa hivyo msimu mwingine wa joto, daraja lingechomoka lenyewe na kuondoka na nyama ya ubao, na kazi ingekuwa nyingine kabisa.

Kinyume chake, nailoni kwenye gitaa la chuma, hakiharibu kitu. Zipo hata nailoni zenye kifundo tayari mwishoni zinazokaa kwenye matundu ya pini. Ila sauti itakuwa hafifu, kwa sababu uso wa gitaa hilo ni mgumu na unahitaji kuvutwa kwa nguvu ndipo utikisike. Vijia vya mfupa wa kichwani navyo vimekatwa kwa nyuzi nyembamba, hivyo nailoni hukaa juu juu na kuteleza. Sishauri, isipokuwa kwa mtu mwenye gitaa hilo moja na vidole vilivyochubuka.

Mkono na sauti

Kama bado hujanunua gitaa, hapa ndipo uchaguzi ulipo kweli. Chuma kina sauti kali, ya juu, inayotoboa kelele za watu, na kinapenda piki na mapigo ya kukwangua nyuzi zote kwa pamoja. Kinauma vidole vya anayeanza kwa wiki za mwanzo. Nailoni ina sauti ya duara, laini, inayojibu ncha ya kidole na kucha. Shingo yake pana inampa nafasi anayekwanyua uzi mmoja mmoja, na inamsumbua mwenye kiganja kidogo anapobana kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, za vidole vinne. Anayetaka kuimba na gitaa ufukweni bila spika atasikika zaidi na chuma. Anayetaka kupiga nyimbo za taarabu asilia kwa gitaa tupu, akiziremba noti kama anavyozisikia kwenye udi, ataona nailoni inamkubalia zaidi, kwa sababu udi wenyewe leo hufungwa nyuzi nyembamba za nailoni na nyuzi nene zilizozungushiwa waya. Haya ni maoni yangu, na wapo wapigaji wazuri watakaonipinga.

Nani anayeliwa na hewa ya bahari

Vitabu na video nyingi zimetoka nchi ambazo hewa yake si yetu, na zinahesabu maisha ya uzi kwa saa za kupiga. Unguja na Pemba lazima uhesabu pia saa za kukaa tu. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima na ina chumvi, hasa kwa mtu wa Nungwi, Paje, Mkoani au Mji Mkongwe upande wa Forodhani. Chembe za chumvi zikitua juu ya waya huvuta maji kutoka hewani na kuyashikilia hapo, na kutu huanza hata kama gitaa halijaguswa. Ukiongeza jasho la vidole, ambalo nalo ni chumvi na tindikali kidogo, kazi inakwenda mbio.

Sasa tazama kila seti ina chuma kiasi gani, maana hapa ndipo watu hukosea hesabu. Seti ya chuma ni madini yote sita. Uzi wa 1 na wa 2 ni waya mtupu wa chuma, na huo ndio unaoshika kutu ya kahawia haraka kuliko yote. Uzi wa 3 hadi wa 6 una kiini cha chuma kilichozungushiwa waya wa shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki au bati. Huo hauingii kutu ya kahawia juu, bali hufifia, huwa mweusi, na ukiachwa sana huota ukungu wa kijani.

Seti ya nailoni, tofauti na watu wanavyodhani, nusu yake nayo ni madini. Uzi wa 1, wa 2 na wa 3 ni nailoni tupu, na chumvi haiufanyi kitu. Lakini wa 4, wa 5 na wa 6 una kiini cha nyuzinyuzi za nailoni kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba uliopakwa fedha. Ule mpako wa fedha hutoka kwa jasho na msuguano, kisha shaba inabaki wazi mbele ya hewa ya bahari. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na nyuzi tatu nyembamba zenye afya na tatu nene zilizokufa kwenye gitaa moja, akalaumu gitaa.

Kwa hiyo ulinganisho wa kweli kwa visiwani ni huu: aliyefunga chuma ana nyuzi sita zinazoliwa na bahari, aliyefunga nailoni ana tatu. Na huyo wa nailoni anaweza kubadilisha tatu tu. Baadhi ya watengenezaji huuza besi, yaani zile nyuzi nene tatu, peke yake. Zikikosekana, nunua seti mbili: funga moja yote, na ya pili tumia besi zake zamu ijayo, huku zile nyembamba zikibaki akiba. Haziozi.

Zipo nyuzi za chuma zilizopakwa utando mwembamba wa plastiki kuzuia jasho na unyevu. Bei yake ni ya juu, mara nyingi kama mara mbili ya za kawaida au zaidi, lakini kwa anayepiga karibu na maji naziona zinalipa. Utando ukianza kuchubuka pale piki inapopita, utaona vinyweleo vyeupe. Havina madhara kwa sauti mwanzoni, ila hapo ulinzi umekwisha.

Dalili za uzi uliochoka

Kutu inayoonekana ni dalili ya mwisho, na anayeisubiri amepiga uzi mbovu kwa wiki kadhaa. Sauti hutangulia. Kwanya uzi wa 6 ukiwa wazi na usikilize. Uzi mzima huanza na ukali fulani wa juu, kisha hulia muda mrefu. Uliochoka hutoa sauti butu na kuzima mapema, kwa sababu uchafu na jasho vimejaza nafasi kati ya mizunguko ya waya na uzi umekuwa mzito na mgumu. Kwa vile hali hii huja polepole, sikio huizoea. Njia nzuri ni kurekodi kwa simu kodi moja siku ulipofunga nyuzi mpya, kisha kurekodi kodi ile ile baada ya mwezi, mahali palepale na simu ikiwa umbali uleule. Ukizisikiliza moja baada ya nyingine, hutahitaji fundi akwambie.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni ya freti ya 12. Freti hiyo iko katikati ya uzi. Gusa uzi juu yake kabisa bila kuukandamiza, ukwanyue, kisha inua kidole: inatoka sauti nyembamba iliyo safi. Sasa ukandamize uzi kwenye freti hiyohiyo na uukwanyue tena. Noti mbili hizo zinatakiwa kuwa moja. Pima kwa tyuna ya simu. Kama siku ya nyuzi mpya zilikubaliana, na leo zile za kukandamiza zimepanda au kushuka, uzi umepoteza usawa wake: sehemu moja imeliwa au imebanwa bapa, nyingine imebeba uchafu, na uzito haulingani tena kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi wa namna hiyo hautyuniki. Ukiuweka sawa ukiwa wazi, utakuwa umekosea kwenye kodi, na utashinda jioni nzima unazungusha funguo. Kama noti hizo hazikukubaliana hata nyuzi zilipokuwa mpya, tatizo ni la mfupa wa darajani au urefu wa nyuzi, na nyuzi mpya hazitalitibu.

Kisha tumia kidole. Pitisha ncha ya kidole chini ya uzi, upande unaotazama freti, kuanzia freti ya 1 hadi ya 5. Ukihisi vijishimo mahali freti zinapogusa, uzi umeshakatika nusu. Kwa chuma utahisi pia ukwaru wa kutu, ambao unakwangua freti zenyewe kila unapouvuta uzi pembeni, na freti ni ghali kuliko nyuzi. Kwa nailoni nene, angalia uzi wa 4 kabla ya nyingine. Ndio wenye kiini chembamba na waya mwembamba kuliko besi zote, na ndio unaokufa kwanza. Waya wake huanza kuachia kwenye freti ya 2 au ya 3, unaona uwazi mdogo na nyuzinyuzi nyeupe ndani. Ukifikia hapo utakatika wakati wowote.

Nailoni tupu huzeeka kwa namna yake. Haibadiliki rangi sana, lakini kucha na freti huikwaruza, na ukiipitisha kati ya vidole unahisi mikato midogo. Uzi wa 3, ulio mnene kuliko wenzake, ndio wa kwanza kupoteza usahihi wa noti.

Jambo moja la masika. Kuanzia Machi hadi Mei ubao wa gitaa hunywa unyevu na kuvimba, uso hupanda, na nyuzi hupanda nao. Mtu huona gitaa limekuwa gumu na sauti imefifia, akanunua nyuzi mpya, na hali ikabaki. Kabla ya kubadilisha, pima urefu kwenye freti ya 12 na ulinganishe na kipimo cha miezi ya kaskazi kavu. Kama umeongezeka nusu milimita au zaidi na jaribio la freti ya 12 bado linakubali, nyuzi ni nzima. Kaushia gitaa ndani ya begi lililofungwa pamoja na vipakti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na usilianike juani.

Mara ngapi: wapigaji wawili

Chukua mpigaji wa hoteli ya Nungwi anayepiga jioni tatu kwa wiki, saa tatu kila jioni, barazani mbele ya maji. Hizo ni saa tisa kwa wiki. Kanuni inayotajwa sana ni kubadilisha nyuzi za chuma kila saa 100 au kila miezi mitatu, na kwa hesabu hiyo angefika wiki kumi na moja. Hafiki. Kwa nyuzi za kawaida za chuma, uzi wa 1 na wa 2 utakuwa na madoa ya kutu ndani ya wiki ya tatu au ya nne, na nyuzi nene zitakuwa zimeshakufa sauti. Namshauri abadilishe kila mwezi, yaani seti kumi na mbili kwa mwaka. Akitumia zilizopakwa utando atafika miezi miwili hadi mitatu, yaani seti nne hadi sita. Hata zikiwa bei mara mbili, gharama ni sawasawa au chini yake, na anaokoa usumbufu wa kukatikiwa katikati ya wimbo.

Mtu huyohuyo akiwa na gitaa la nailoni lenye kinasa sauti ndani, ambacho kinahisi mtikisiko wa daraja na hakihitaji sumaku, atabadilisha besi tatu kila miezi miwili na nyuzi nyembamba kila miezi minne. Kwa mwaka ni besi mara sita na nyembamba mara tatu. Kwa kazi ya aina hiyo, ambapo spika inabeba sauti na hewa inakula nyuzi, mimi ningechagua nailoni.

Wa pili ni mwanafunzi wa Chake Chake anayepiga nyumbani nusu saa kwa siku, dirisha likiwa mbali na bahari. Kwa nailoni, besi kila miezi minne hadi mitano na nyembamba mara moja kwa mwaka zinamtosha. Kwa chuma, miezi miwili hadi mitatu, hata kama wiki nyingine hapigi kabisa. Chuma kilichofungwa kinazeeka kikiwa kimelala.

Kinachorefusha maisha ya zote mbili ni kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kupiga, na kupitisha kitambaa kikavu cha pamba juu na chini ya kila uzi ukimaliza, halafu kulirudisha gitaa begini. Kuchemsha nyuzi kuukuu ili kutoa uchafu kunarudisha ukali kwa siku chache tu, kisha zinakufa zaidi kuliko mwanzo, maana uzi ulioliwa hauongezeki nyama.

Kubadilisha: tofauti iko mwishoni mwa uzi

Kwa aina zote mbili, legeza kabla ya kukata. Uzi wa chuma uliokatwa ukiwa umekazwa unaruka na unaweza kukutia jichoni. Vijia vya mfupa wa kichwani vipitishie ncha ya penseli. Unga wake mweusi unalainisha, na uzi hauchezi ukikwama kisha kuachia.

Kwa chuma, chomoa pini taratibu, ingiza kichwa cha duara cha uzi mpya ndani ya tundu, rudisha pini mfereji wake ukitazama upande wa shingo, kisha vuta uzi juu huku ukiisukuma pini, mpaka usikie kichwa kimekaa chini ya ubao. Kichwa kikikaa kwenye ncha ya pini badala ya ubao, pini itarukia nje ukianza kukaza. Kwenye ufunguo acha ulegevu wa sentimita 5 hivi, zitoke duru mbili au tatu zinazoshuka chini, moja chini ya nyingine. Duru nyingi ni nafasi nyingi ya uzi kujilegeza. Kata ncha. Vuta kila uzi kwa vidole kidogo juu ya tundu la sauti, tyuni, rudia mara tatu nne, na jioni hiyohiyo gitaa litakuwa tayari.

Kwa nailoni, anza kwa kuweka kitambaa au kadi ngumu juu ya ubao nyuma ya daraja, kwa sababu kifundo kikiteleza, uzi utachapa ubao na kuacha alama isiyotoka. Pitisha uzi kwenye kitundu kutoka upande wa tundu la sauti, uache kama sentimita 8 nyuma, urudishe mwisho huo juu ya kibao, uupitishe chini ya uzi wenyewe, kisha uufumbate chini ya kitanzi chake. Besi, kwa vile waya wake una ukwaru, fumbato moja linatosha. Nailoni tupu inateleza: ifumbate mara mbili, na uzi wa 1 mara tatu. Angalia kwamba fumbato la mwisho limebanwa nyuma ya ukingo wa kibao, upande wa nyuma wa daraja. Likiishia juu ya kibao litateleza, pengine usiku ukiwa umelala. Badilisha mmoja mmoja ili mfupa wa darajani usianguke, maana mara nyingi haukugundishwa.

Tofauti kubwa ni subira. Nailoni mpya hunyooka siku nne hadi saba, na kila ukilichukua gitaa utalikuta limeshuka. Huo si ubovu wa uzi wala wa funguo. Mwenye shughuli Ijumaa asibadilishe nailoni Alhamisi. Abadilishe wiki moja kabla, au angalau besi tu, ambazo hutulia mapema. Nailoni pia huhisi joto: ukitoka chumba cha kiyoyozi na kukaa barazani, subiri dakika kumi na tano kabla ya kutyuni.

Seti ya akiba usiifungue hadi siku ya kuifunga. Nyingi huja ndani ya mfuko uliozibwa usipitishe hewa, na mfuko huo ukichanwa, nyuzi za chuma zinaanza kuzeeka mle mle sandukuni. Kwa aliye Wete au Micheweni, ambako akikosa uzi anausubiri uje kwa boti kutoka Unguja au Dar es Salaam, akiba ya kwanza kuiweka ni uzi mmoja wa 4 kama gitaa lake ni la nailoni, na nyuzi mbili za 1 kama ni la chuma. Hizo ndizo zinazokatika.